Alama 12 kati ya 36: barua ya mama kwa mwanawe kuhusu nyota kabla ya uchumba

Kisa hiki ni cha familia mbili za Wahindu wenye asili ya Gujarati, moja ya pwani ya Kenya na nyingine yenye mizizi Tanzania. Mama, kijana na binti wameisoma rasimu na kuniruhusu niisambaze. Majina, miji, kazi na ukoo nimeviondoa, na baadhi ya mambo madogo nimeyabadilisha ili jirani asiwatambue. Mimi niliingia katikati, nikiwa msuluhishi wa mambo ya nyumba, baada ya barua kuwa imeshaandikwa. Dondoo za barua ni tafsiri yangu kutoka Kigujarati. Mama mwenyewe alichanganya na Kiswahili, na sehemu hizo nimeziacha kama alivyoziandika.

Usuli

Kijana ana miaka thelathini na kitu na anafanya kazi Uingereza. Binti alikutana naye hukohuko. Naye ni Mgujarati, Mhindu, mzaliwa wa mji mdogo wa Tanzania aliyehamia Uingereza na wazazi wake akiwa shule ya msingi. Kwa macho ya nje hakukuwa na kikwazo: dini moja, lugha moja, wazazi wote wawili wa kila upande hai na wenye heshima. Familia ya kijana ilipoambiwa, ilifurahi. Siku chache baadaye ikaomba janmakshar ya binti.

Janmakshar ni karatasi ya nyota ya kuzaliwa. Ili kuichora, mnajimu, yaani jyotishi, anahitaji tarehe, saa na mahali. Msomaji wa pwani hatashangaa sana, maana kwetu nako wapo wazee ambao hawatoi jibu la posa kabla mwalimu wa falaki hajahesabu herufi za jina la kijana, la binti na la mama zao. Tofauti ni kwamba Wahindu hawahesabu majina bali wanaangalia mahali mwezi ulipokuwa angani mtoto alipozaliwa.

Njia ya mwezi imegawanywa katika vituo 27, ndugu wa manazili ya falaki yetu, kila kimoja kikiwa na nyuzi 13 na dakika 20. Mwezi hukaa katika kituo kimoja kwa muda wa siku moja hivi. Kituo cha mwezi cha kijana kinalinganishwa na cha binti kwa vipengele vinane, cha kwanza kikiwa na alama 1, cha pili 2, na kuendelea hadi cha nane chenye alama 8. Jumla ni 36. Desturi inataka angalau 18.

Vipengele viwili vya juu ndivyo vinavyovunja posa mara nyingi. Cha saba, bhakut, kinatazama umbali kati ya buruji za miezi yao, yaani zile sehemu 12 za anga. Cha nane ni nadi. Vituo 27 vimepangwa katika makundi matatu ya nadi, tisa kila kundi. Wachumba wakiangukia kundi moja wanapata sufuri kati ya 8, na wazee husema watoto hawatakuwa na afya, au hawatapatikana kabisa. Kando ya alama hizo kuna suala la mangal: sayari ya Mirihi ikiwa katika nyumba ya 1, 2, 4, 7, 8 au 12 kati ya nyumba 12 za karatasi, mhusika huitwa mangalik na huhofiwa kumletea mwenziwe madhara.

Mambo yalivyofuatana

Ombi la karatasi halikupitia kwa kijana. Shangazi yake, dada wa baba, alikuwa na namba ya kaka yake binti, akamtumia ujumbe akiomba tarehe, saa na mahali alipozaliwa dada yake. Kaka, ambaye ni mdogo kwa binti na hasomi vizuri Kiswahili, alimwomba mama yake picha ya kadi ya kliniki. Kadi ilikuwa imeandikwa kwa mkono na mkunga: saa 11 jioni. Kaka akaandika 11 PM na kuituma.

Jyotishi wa familia, aliyeko Gujarat, alirudisha jibu baada ya siku mbili. Alama 12. Nadi sufuri. Isitoshe, binti ni mangalik, Mirihi katika nyumba ya nane. Alishauri sala maalumu na sadaka kwa ajili ya nadi, na kwa ajili ya mangal akashauri kumbh vivah, yaani binti afungishwe kwanza ndoa ya ibada na chungu cha udongo ili balaa liishie kwenye chungu.

Bibi mzaa baba, ambaye nyumba nzima humwita Ba, alisema mambo yasimame. Baba alinyamaza, na katika nyumba ile kunyamaza kwa baba ni kukubaliana na mama yake. Mama alimpigia kijana simu. Alikusudia kumweleza kwa upole, lakini kijana alikuwa ameshasikia kwa binti, naye binti alikuwa ameshasikia kwa kaka yake, pamoja na habari ya chungu. Simu haikufika dakika tano. Kijana alisema hatapokea simu ya nyumbani tena mpaka ombi lile lifutwe na binti aombwe radhi.

Wiki ya tatu ya kimya, mama aliandika barua. Kurasa nne kwa mkono, akazipiga picha na kumtumia.

Barua

Naiweka kwa mafungu, kwa mpangilio wake, nikiacha salamu na habari za majirani.

Alianza na kile ambacho kijana alikuwa ameshakiamini:

"Beta, mwanangu, unadhani tulimpima msichana wa watu kama mzigo sokoni. Mimi nimemwona mara moja tu kwenye simu na nilimpenda. Aliniuliza magoti yangu yanaendeleaje, kumbe wewe ulimwambia. Karatasi hatukuiomba kwa sababu ya kitu chochote alichonacho au alichokosa. Tungeiomba hata angekuwa binti wa maharaj mwenyewe."

Kisha akaeleza desturi ilivyofanya kazi alipoposwa yeye:

"Nilipoletwa kuonwa na Papa yako, nyumba tatu zilikuwa zimeshaniona kabla. Mbili zilisema nyota hazikulingana. Mama yangu alijua, nami nilijua, kwamba nyumba moja ilitaka mahari kutoka kwetu ambayo baba yangu hakuwa nayo, na ile nyingine ilitaka msichana mweupe kuliko mimi. Lakini hakuna aliyetamka. Walisema nyota, tukanywa chai, wakaondoka, na mpaka leo tunasalimiana hekaluni. Nyota zilibeba lawama ili watu wasibebe. Ninyi mnaona ni uongo. Sisi tuliona ni adabu."

Fungu la tatu ndilo refu zaidi, na mwandiko wake umebadilika, herufi zimekuwa ndogo:

"Sasa nikwambie jambo ambalo sikukwambia kwenye simu kwa sababu Ba alikuwa amekaa karibu. Unamkumbuka mtoto wa masi yako, dada yangu. Ulikuwa mdogo, uliambiwa ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa na ugonjwa wa damu, thalasemia, akiongezwa damu kila baada ya wiki chache tangu hajafikisha mwaka. Masi yako na mumewe walipendana wenyewe, wakaoana bila karatasi. Mtoto alipougua, Ba alimtuma mtu kwa jyotishi, akarudi na jibu kwamba wana nadi moja. Daktari naye alituambia kwamba masi na mumewe wote wanabeba kasoro hiyo kwenye damu zao bila kuugua, na mtoto amerithi pande zote mbili. Mimi nimesoma, nililielewa la daktari. Lakini daktari alilisema mara moja ofisini, na la Ba lilisemwa ndani ya nyumba hii miaka yote mtoto akiongezwa damu, na hata baada ya kutuacha. Shangazi yako aliponiambia kuna nadi sufuri, sikuona namba. Niliona mkono wa yule mtoto ukitafutwa mshipa."

Halafu akageukia ombi lenyewe:

"Ulipaswa kuambiwa wewe kwanza. Ungemwambia mwenyewe, akakubali au akakataa. Kupitia kwa kaka yake ilikuwa ni kumvizia. Habari ya chungu haikupaswa kutoka nje ya chumba cha Ba."

Na mwisho:

"Sikuombi uamini. Nakuomba ujue ni nini tulikuwa tunaogopa. Alama ni kitu kidogo tu, tutaangalia tufanyeje. Kula vizuri. Mami."

Maamuzi na sababu zake

Kijana alijibu kwa mistari miwili. Alitaka kujua kama mama yake mwenyewe amewahi kupimwa hiyo thalasemia, na akasema atapima damu yake wiki hiyo.

Hapo mwelekeo wa kisa ulibadilika, na nadhani ulibadilika kwa sababu barua ilimpa kijana kitu cha kufanya. Hoja ya nyota aliweza tu kuikubali au kuikataa. Hofu ya ugonjwa wa damu ina kipimo. Anayebeba chembe ya beta-thalasemia kwa kawaida haumwi, lakini hesabu kamili ya damu huonyesha chembe nyekundu ndogo kuliko kawaida hata kama hana upungufu wa madini ya chuma, na kipimo cha aina za hemoglobini huonyesha HbA2 imepanda kupita asilimia 3.5. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kutoa mtoto mgonjwa. Mmoja tu akiwa mbebaji, hakuna mtoto atakayeugua aina ile nzito, ingawa kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji kama mzazi wake.

Kijana alikutwa mbebaji. Kwa familia yenye masi kama yule haikuwa ajabu. Mama naye alipima baadaye na akakutwa vilevile.

Alipomwambia binti, alimwambia yote, pamoja na barua, akamwuliza kama yuko tayari kupima. Binti alikubali siku ileile. Jibu lake kwangu, nilipomwuliza kwa nini alikubali hiki na alikataa kile, lilikuwa fupi: "Hiki tulipimwa wote wawili, na ningeweza kukikuta kwake." Majibu yake yalitoka safi kwa thalasemia na kwa selimundu, ambayo daktari aliongeza kwa kuwa mzazi wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuiacha.

Karatasi ya nyota ilifufuka kwa njia nyingine kabisa. Mama yake binti, akiwa bado na uchungu, aliomba aletewe hiyo karatasi iliyomtukana mwanawe. Hajui unajimu. Alisoma mstari wa juu tu ulioandikwa muda wa kuzaliwa, 23:00, akasema: "Huyu si mwanangu. Mwanangu nilimzaa jua halijachwa, watu wakirudi shamba."

Saa 11 jioni ya mkunga wa Tanzania ni 17:00. Kaka alikuwa amehamisha kuzaliwa kwa dada yake kwa saa sita.

Saa sita hufanya nini kwenye karatasi

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu nimeshaliona kosa hili katika familia nyingine za huku, na wajyotishi wa India hawana namna ya kulishuku.

Mwezi hutembea nyuzi 13 hivi kwa siku, sawa na zaidi kidogo ya nusu nyuzi kwa saa. Saa sita ni nyuzi tatu na ushei. Karatasi ya kwanza ilimweka mwezi wa binti kwenye nyuzi 24 na dakika 20 za buruji ya Mashuke, ndani ya kituo kiitwacho Chitra, ambacho huanza kwenye 23 na dakika 20. Ukirudisha saa sita, mwezi unarudi kwenye nyuzi 21, ndani ya kituo kinachotangulia, Hasta. Buruji ni ileile ya Mashuke. Kituo kimebadilika.

Kijana mwezi wake uko katika Anuradha, buruji ya Nge. Anuradha na Chitra ni nadi moja, ile ya kati; ndiyo ile sufuri. Hasta ni nadi ya kwanza, na hapo alama zote 8 zinarudi. Kuna kipengele cha sita, gana, kinachowagawa watu katika tabia tatu. Chitra ni ya rakshasa, Hasta ni ya deva kama Anuradha, nazo alama 6 zikarudi. Kipengele cha nne kikaongeza moja. Bhakut ilikuwa imeshapata 7 tangu mwanzo, maana inategemea buruji tu. Jumla mpya ikawa 27.

Mangal nayo ikaondoka, kwa sababu tofauti. Nyumba za karatasi huhesabiwa kuanzia buruji inayochomoza mashariki wakati wa kuzaliwa, na buruji hiyo hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Saa sita ni buruji tatu. Mirihi haikusogea kwa namna ya kuonekana, lakini hesabu ilipoanzia buruji tatu nyuma, nyumba ya nane ikawa ya kumi na moja, ambayo haimo katika orodha ya hofu.

Kuna namna rahisi ya kulikamata kosa hili bila kujua unajimu. Tafuta Jua kwenye karatasi. Aliyezaliwa jua linachomoza, Jua lake liko nyumba ya kwanza au jirani yake. Wa adhuhuri, nyumba ya kumi au jirani. Wa magharibi, ya saba, na wa usiku wa manane, ya nne. Karatasi ya kwanza ya binti ilikuwa na Jua nyumba ya tano, ambayo ni karatasi ya mtu wa usiku. Iliyosahihishwa ina Jua nyumba ya nane, la mtoto wa alasiri. Mama aliyezaa hukumbuka kama kulikuwa na mwanga dirishani hata akisahau kila namba.

Kosa la pili la aina hii, ambalo halikutokea hapa lakini jyotishi wa mjini kwao alilikagua, ni majira. Programu nyingi za kuchora karatasi huja zikiwa na saa za India, zilizo mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Usipozibadilisha, mtoto wa Tanzania anachorwa kama amezaliwa saa mbili na nusu mapema, na buruji inayochomoza inaweza kuwa nyingine.

Matokeo

Ba aliposikia 27, alisema jambo litengemae. Kwa familia ya kijana mgogoro ulikuwa umekwisha siku hiyo, kwa kweli walitaka kununua nguo kesho yake. Kwa binti ndipo ulipoanza.

Alitaka karatasi mpya isitajwe kama sababu ya ndoa. Hoja yake ilikuwa kwamba akiingia nyumba ile kwa alama 27, basi ameingia kwa alama, na kila ugomvi wa baadaye utarudishwa huko. Alitaka kujua jambo moja: kama mkunga angekuwa ameandika saa 5 usiku kweli, wangefanya nini?

Nilikaa nao kwa simu, mama upande mmoja na binti na kijana upande mwingine. Mama hakuweza kujibu moja kwa moja. Alisema angejaribu kumshawishi Ba. Binti akauliza, na Ba asiposhawishika? Mama akasema, "Sijui, na nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya." Nilidhani kikao kimevunjika. Binti alisema hilo ni jibu la kwanza alilopewa na nyumba ile ambalo halikupambwa, akaomba wiki mbili.

Masharti aliyorudi nayo yalikuwa matatu. Alama zisitajwe mbele ya ndugu, si 12 wala 27. Shangazi amwombe radhi kaka yake, si yeye, kwa kuwa kaka ndiye aliyekuwa hajalala akidhani ameharibu ndoa ya dadake. Na majibu ya damu ya kijana yaambiwe wadogo zake na binamu zake wote ili nao wapime. Sharti la tatu ndilo lililomtikisa Ba, maana lilitaka jambo lililofichwa kwa jina la homa litajwe kwa jina lake.

Yote matatu yalitekelezwa, la shangazi kwa kuchelewa. Sherehe ya uchumba, gol dhana, ambapo wageni huonjeshwa sukari guru na mbegu za giligilani, ilifanyika baada ya sikukuu ya Uttarayan ya tarehe 14 Januari, kwa kuwa mwezi unaotangulia Wagujarati huuita kamurta na hawaanzishi jambo la heri ndani yake. Baba yake binti alifika, akala, akaondoka mapema.

Uchambuzi

Barua ilifaulu kwa sababu ilitenganisha vitu vitatu vilivyokuwa vimefungwa fundo moja kwenye simu: adabu ya kukataana bila kuumbuana, heshima kwa Ba, na kifo cha mtoto. Kijana alikuwa akipigana na imani, kumbe mama yake hakuwa anaitetea imani. Angeandika kurasa nne kuthibitisha kwamba nadi ni kweli, kijana asingefika ukurasa wa pili.

Utetezi wa adabu, hata hivyo, naukubali nusu. Ni kweli nyota zilizuia matusi kati ya nyumba na nyumba. Lakini tazama nani alilipa. Mama mwenyewe alijua kwamba "nyota" maana yake ni rangi yake na mfuko wa baba yake, akalibeba hilo kimya kwa zaidi ya miaka thelathini. Na adabu ile ilifaa zama ambazo wawili hawajajuana. Karatasi ikiombwa kabla vijana hawajaonana, kuikataa ni mlango wa kutokea. Hapa iliombwa baada ya wawili kuamua, na wakati huo inakuwa ni kizuizi tu, hata ikirudi na alama 36.

Udhaifu mkubwa wa barua uko kwenye sentensi "alama ni kitu kidogo tu, tutaangalia tufanyeje." Fungu lililotangulia lilikuwa limetoka kusema namba ile ilimrudisha kwenye mkono wa mtoto ukitafutwa mshipa, kwa hiyo si kitu kidogo. Binti alipoisoma, sentensi hiyo ndiyo aliyoipigia mstari. Familia inayoomba karatasi inapaswa kusema mapema jibu baya litaleta nini: posa itavunjika, au itafanyika sala na mambo yaendelee, au ni karatasi ya kumridhisha mzee tu. Nyumba ile haikuwa imeamua, na haikujua kwamba haijaamua.

Kuhusu nadi na damu, mantiki ya Ba inaeleweka: mtoto aliugua, nadi ilikuwa moja, basi nadi ndiyo. Lakini vituo vimegawanywa katika makundi matatu sawa. Chukua wachumba wowote bila kuchagua, na takriban theluthi moja yao watakuwa na nadi moja. Kwa maana hiyo, katika kila ukoo mkubwa kuna ndoa kadhaa za nadi moja zenye watoto wazima, ila hakuna anayeenda kwa jyotishi kuuliza kwa nini mtoto hana homa. Nilimwomba mama ahesabu ndoa za nyumba yake mwenyewe. Alizipata mbili, moja ikiwa ya mjomba mwenye watoto wanne. Upande wa pili ni mbaya zaidi: kijana ni mbebaji, na angempata binti mbebaji mwenye alama 27 na nadi tofauti, karatasi ingewapitisha.

Kuhusu muda, mtu anaweza kusema kosa la saa sita liliwaokoa kwa kuwapa mahali pa kutokea bila Ba kushindwa. Ni kweli kwa Ba. Kwa binti liliacha swali ambalo marekebisho hayaligusi. Msuluhishi akilikuta kosa kama hili, asikimbilie kulitangaza kama suluhisho. Nililichelewesha kwa makusudi mpaka majibu ya damu yalipotoka na kuzungumziwa kwanza, na mama alikubali kutomwambia Ba kwa siku hizo, jambo lililomgharimu.

Jambo moja sikulitarajia. Ilipofika kuchagua saa ya ndoa, muhurat, binti alikubali jyotishi aulizwe, na akatuma kadi ya kliniki mwenyewe, akiwa ameandika pembeni 17:00, saa za Afrika Mashariki. Nilimwuliza tofauti iko wapi. Alisema muhurat huwachagulia wote wawili siku, haumchagui mmoja wao. Jyotishi aliwapa asubuhi mbili za Februari, na wakaichukua iliyoangukia Jumamosi kwa sababu ukumbi ulikuwa wazi.